Feni zilikuwa kumi na sita, na hesabu ilikuwa sawa

Duka ninalofanyia kazi liko Kariakoo, upande wa Mtaa wa Aggrey. Tunauza vifaa vya umeme vya nyumbani: feni, pasi, blenda, majagi ya kuchemshia maji, ekstensheni na balbu. Kazi yangu ni stoo na daftari. Siuzi, ingawa mwisho wa mwezi watu wakijaa nashuka kaunta kusaidia. Mali inayotoka dukani hainipi tabu. Tabu yote iko kwenye mali inayorudi.

Mali ikitoka, kuna risiti, kuna hela na kuna mtu kabeba boksi. Ikirudi, mteja anaingia na boksi limefungwa kamba ya katani, anasema feni imegoma. Muuzaji anaitazama, anampa nyingine, wanaagana vizuri. Ile iliyorudi inasukumwa chini ya kaunta kwa mguu. Jioni kijana anayefunga duka anaikuta pale, anaona ni feni na boksi lake, anaipandisha rafuni na wenzake. Hakuna aliyeiba wala aliyedanganya, na mwisho wa wiki ukihesabu, feni zinatimia.

Hapo ndipo penye mtego. Tulikuwa tunahesabu kila Jumamosi, na kwa muda mrefu hesabu ya feni haikupungua hata moja. Bosi akafurahi. Mimi nilianza kushtuka siku blenda moja ilipoletwa na mteja akilalamika inavuja kitako, nami nikaona kwenye mpini wake alama ya wino mwekundu. Alama ile nilikuwa nimeshaiona. Blenda hiyohiyo ilishawahi kurudishwa na mama mwingine, kwa tatizo hilohilo. Tulikuwa tumeiuza mara mbili, na kila mara daftari lilisema tuna blenda nzima.

Mali inayorudi ina mambo mawili ndani yake ambayo watu huyachanganya. Jambo la kwanza ni kitu chenyewe: kimekwenda wapi na kiko katika hali gani. La pili ni hela: imerudi, haikurudi, au mteja kapewa kitu kingine. Mambo haya hayaendi pamoja siku zote. Kitu kinaweza kurudi bila hela kutoka. Hela inaweza kutoka na kitu kikarudi kizima kabisa. Kitu kinaweza hata kuharibika humuhumu ndani, hakuna mteja wala hela, na bado hesabu ikaguswa. Ukiliandika moja ukaliacha lingine, kuna siku utatafuta usiku kucha kitu ambacho hakijapotea.

Kubadilishana ndiko hatari kuliko kurudisha hela. Hela ikitoka kwenye droo, droo inalia jioni, kwa hiyo mtu ataulizwa. Kubadilishana hakulii popote. Imeingia feni moja, imetoka feni moja, muuzaji anajiambia hakuna cha kuandika kwa sababu idadi haijabadilika. Ni kweli idadi haijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba moja kati yao haifanyi kazi.

Tulichofanya ni kuacha kuandika "ziko ngapi" na kuanza kuandika "imetoka wapi, imekwenda wapi". Tukayapa majina maeneo yote ambayo kitu kinaweza kuwa. Kuna *nzima*, yaani rafu ya kuuzia. Kuna *kusubiri*, rafu moja chini ya ngazi ambayo muuzaji haruhusiwi kuchukua kitu. Kuna *mbovu*, kwenye kona ya stoo. Kuna *mteja*, kuna *msambazaji*, na kuna *imetupwa*. Kila kitu kinachosogea kinatoka eneo moja kati ya hayo na kuingia jingine. Mauzo ni kutoka nzima kwenda mteja. Kurudisha ni kutoka mteja kwenda kusubiri, siku zote kusubiri, hata boksi likiwa halijafunguliwa. Kutoka kusubiri kitu kinakwenda nzima au mbovu, baada ya kupimwa na si kabla.

Sheria hiyo ya kupitia kusubiri iliwaudhi vijana wa kaunta. Mmoja aliniambia, "Dada, hili boksi gundi yake ya kiwandani ipo, unalipeleka kule la nini?" Nikamjibu kwamba gundi ya kiwandani inauzwa madukani hapa Kariakoo kwa roli, na watu wanajua kufunga. Akacheka, akaliweka chini ya ngazi.

Nieleze kwa mfano wa wiki moja ya feni za kusimama za inchi 16. Jumamosi tulianza na feni 24, zote nzima, kusubiri na mbovu hakuna kitu, na wiki hiyo hatukupokea mzigo mpya. Tukauza feni 9. Sita zilikwenda kwa bei ya rejareja, 65,000 kila moja, ambayo ni 390,000. Tatu alizichukua mteja mmoja kwa ajili ya gesti yake, tukamshushia hadi 62,000 kila moja, ikawa 186,000. Jumla ya mauzo 576,000. Rafuni zikabaki 15.

Wa kwanza kurudi alikuwa mzee aliyesema feni inanguruma lakini haizunguki, na ina harufu ya kuungua. Feni inayonguruma bila kuzunguka, ukiisukuma panga kwa kidole ikaanza kwenda, mara nyingi ni kapasita, na hiyo ni spea ndogo ya bei rahisi. Lakini ikiwa na harufu ya kuungua, koili ya mota imeshakwenda. Mzee akapewa nyingine. Tukaandika mistari miwili na si mmoja: feni moja kutoka mteja kwenda kusubiri, feni moja kutoka nzima kwenda mteja. Rafuni zikawa 14. Hela haikuguswa. Fundi alipoipima jioni akathibitisha mota imeungua, tukaandika mstari wa tatu, kutoka kusubiri kwenda mbovu.

Wa pili alikuwa dada aliyekuja juu kabisa. "Kaka yangu, mmeniuzia feni inagonga kama inataka kuruka!" Tukaiweka mezani, tukaiwasha, kweli inagonga. Hili tumeliona mara nyingi: ile nati ya plastiki inayoshika mapanga inakazwa kinyumenyume, kwa kuzungusha kushoto, na mtu akiifunga nyumbani kwa mazoea ya nati za kawaida anailegeza huku anadhani anaikaza. Tukaikaza, ikatulia, akaondoka nayo, akiwa na aibu kidogo na sisi tukimwambia si yeye peke yake. Hapo hakuna kilichosogea, si kitu si hela. Bado tuliandika karatasi na kutia "hakuna mabadiliko", kwa sababu akirudi tena na tatizo jingine, nataka kujua kwamba feni hiyo ilishafika mezani mara moja.

Wa tatu alikuwa yule wa gesti. Vyumba vyake vilikuwa viwili, tatu alichukua kwa haraka, akaomba arudishe moja, haijafunguliwa. Sheria ya duka inaruhusu ndani ya siku chache ikiwa na risiti. Feni ikaenda kusubiri, ikawashwa nusu saa kwa spidi zote, ikawa nzima, ikapanda rafuni. Zikarudi kuwa 15.

Halafu Alhamisi kijana wetu alikuwa juu ya ngazi anashusha boksi, likamponyoka, kitako cha chuma kikapinda na panga likapasuka. Kutoka nzima kwenda mbovu. Rafuni 14.

Jumamosi ya pili tukahesabu: rafuni 14, mbovu 2, kusubiri hakuna. Jumla 16. Ukiangalia upande wa pili, tuliuza 9, moja ikarudishwa kwa hela, kwa hiyo mauzo halisi ni 8, na 24 ukitoa 8 ni 16. Pande mbili zinakutana. Nikiangalia hesabu yoyote siku hizi, swali langu ni hilo: mali ya mwanzo, ongeza iliyopokelewa, toa mauzo halisi, je inalingana na nzima na kusubiri na mbovu na zilizoko kwa msambazaji na zilizotupwa, zote kwa pamoja?

Kwa utaratibu wa zamani tungehesabu pia 16. Tungesema feni zipo 16, hesabu sawa, tukaenda nyumbani. Kumbe za kuuza ni 14, na bosi angeahidi mteja wa Morogoro feni 16, zipakiwe kwenye basi, mbili kati yake zikafike zikiwa zimekufa. Nauli ya kuzirudisha tungelipa sisi.

Sasa hela. Yule wa gesti kijana wa kaunta alitaka kumpa 65,000, kwa sababu bei ya feni ukimuuliza mtu yeyote dukani ni hiyo. Lakini mteja alilipa 62,000. Tofauti ya elfu tatu ni ndogo, ila ikitokea kila wiki, na kwenye majagi na pasi pia, daftari la mauzo halitakaa liafikiane na droo, na kila mtu atamtazama mwenzake vibaya. Hela inayorudi ni ile iliyoandikwa kwenye risiti yake, si bei ya kwenye rafu leo. Kuna waliosema kwamba akishabakiwa na mbili hastahili tena bei ya punguzo, kwa hiyo tumkate. Kimahesabu wana hoja. Bosi alikataa, akasema kwa elfu sita hawezi kupoteza mtu mwenye gesti, na mimi nakubaliana naye. Muhimu ni kwamba uamuzi uwe mmoja na uandikwe, siyo kila muuzaji na moyo wake.

Jambo la pili kwenye hela ni njia. Yule bwana alikuwa amelipa kwa lipa namba. Muuzaji akampa 62,000 taslimu kutoka kwenye droo. Jioni droo ikapungua 62,000, na salio la lipa namba likawa zaidi kwa kiasi hichohicho. Jumla ya duka iko sawa, lakini anayefunga droo ni mtu mwingine na hajui lolote, kwa hiyo anaanza kutoa jasho. Tulichokubaliana ni kwamba hela irudi kwa njia iliyoingilia. Ikishindikana, mteja ana haraka au simu yake imezima, basi atoe kwenye droo lakini karatasi ya kurudisha iwekwe ndani ya droo ileile, mahali pa noti zilizotoka. Anayehesabu anaikuta, anaihesabu kama hela.

Risiti ya EFD nayo ina lake. Ikishachapwa imeshachapwa, taarifa zake zimeshakwenda TRA, na VAT nayo imeshahesabiwa ndani. Usimwambie muuzaji "ifute". Hata kwenye daftari letu mauzo ya asili hayafutwi wala hayapigwi mstari, yanabaki vilevile, na kurudisha kunaandikwa kama tukio jipya lenye tarehe yake. Tunachohitaji ni namba ya ile risiti iandikwe kwenye karatasi ya kurudisha, ili mhasibu anayetushughulikia kodi awe na ushahidi anapofanya marekebisho ya mwezi. Bila namba hiyo anaona hela imetoka tu, na hela iliyotoka bila karatasi tunailipia kodi kama vile bado tunayo.

Hiyo karatasi si kitu cha ajabu. Ni kitabu cha kuchapisha chenye nakala tatu za kaboni. Kina tarehe, bidhaa, namba iliyobandikwa nyuma ya mashine, namba ya risiti, bei aliyolipa, njia aliyolipia, mteja alivyosema, sisi tulivyoona baada ya kupima, na alichopewa. Tunatenga mteja alivyosema na sisi tulivyoona kwa makusudi, maana "haifanyi kazi" ya mteja ni neno pana mno. Nakala ya kwanza inabandikwa kwa selotepu juu ya boksi lenyewe, ya pili inakwenda kwenye droo, ya tatu inabaki kitabuni. Ukiniuliza ni kipi kati ya vyote kimesaidia zaidi, nitasema ile selotepu. Boksi lenye karatasi usoni halipandi rafuni kwa bahati mbaya, hata anayefunga duka akiwa mgeni.

Mistari yote naihamishia kwenye Excel, karatasi moja inayoitwa Miondoko: safu ya A tarehe, B bidhaa, C kutoka, D kwenda, E idadi. Nikitaka kujua feni mbovu ziko ngapi sasa hivi, sihesabu kwa macho, naandika:

```
=SUMIFS(E:E,B:B,"feni16",D:D,"mbovu")-SUMIFS(E:E,B:B,"feni16",C:C,"mbovu")
```

Yaani zote zilizoingia eneo hilo, ukitoa zilizotoka. Nikibadilisha "mbovu" nikaweka "mteja" napata mauzo halisi. Nikiweka "nzima" napata za kuuza, kwa sharti kwamba feni 24 za mwanzo nimeziingiza kama mstari wa kutoka "mwanzo" kwenda "nzima". Ukisahau mstari huo, nzima inakuja na alama ya kutoa, na hapo ndipo unajua. Kosa jingine ni mtu kuandika "Mbovu" na nafasi mwishoni. Herufi kubwa haina shida, lakini ile nafasi inaifanya iwe neno jingine na mstari hauhesabiwi. Nimeweka orodha ya kuchagua kwenye safu ya C na D ili mtu asichape kwa mkono.

Mbovu zikishakuwa kwenye kona, watu wanadhani kazi imekwisha. Kwetu ndipo malumbano na msambazaji yanapoanza. Anayetuuzia kwa jumla yuko mitaa michache tu kutoka kwetu. Feni yenye kasoro ya kiwandani, kama ile ya mota, anaipokea na kutupa nyingine mzigo ukifika, harudishi hela. Ile iliyoanguka kwenye ngazi haimhusu, na kumpelekea hiyo ukijidai ni ya kiwandani ni kujiharibia, fundi wake anaona panga lililopasuka. Kwa hiyo kwenye mbovu tunaandika sababu, *kiwandani* au *kwetu*, tangu siku ya kwanza, kabla kumbukumbu hazijachuja.

Feni ya mota ikaenda, kutoka mbovu kwenda msambazaji, akasaini kwenye kitabu. Wiki kadhaa baadaye nyingine ikaja pamoja na mzigo mpya wa feni 20, ndani ya mkokoteni mmoja. Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu hapa ndipo maduka mengi yanapojilipisha mara mbili. Mpokeaji anahesabu maboksi 21, anaandika tumepokea feni 21, na mwenye kulipa anaona deni la feni 21. Ile moja si manunuzi. Inaandikwa mstari wake, kutoka msambazaji kwenda nzima, bila bei, na ankara inabaki ya 20. Mwenye jumla wetu ni mtu mzuri, lakini hatakukumbusha.

Ile ya panga lililopasuka fundi aliitazama, akasema mota yake safi. Kufikia wakati huo tulikuwa na feni nyingine mbovu, kitako na mapanga mazima, mota imeungua, ambayo msambazaji aliikataa kwa kuwa ilirudi bila boksi. Akachukua mota ya moja akaitia kwa nyingine, tukapata feni moja inayopuliza vizuri na mifupa ya nyingine. Kwenye daftari mbovu mbili zimeondoka: moja kwenda nzima, moja kwenda imetupwa, na bosi anasaini hiyo ya kutupwa, siyo mimi wala fundi. Nisiposimamia saini hiyo, neno "imetupwa" linageuka mlango wa nyuma wa duka. Ile iliyotengenezwa tunaiuza kwa bei ya chini na kuandika kwenye risiti kwamba ilifunguliwa na kutengenezwa, ili mteja asije akasema ametapeliwa, na akiirudisha apate alicholipa, si bei ya mpya.

Baadhi ya majirani zetu bado wanachapa kwenye risiti "mali ikishauzwa hairudishwi". Wanafikiri wamejiepusha na shughuli yote hii. Kwanza, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda mlaji anayeuziwa kitu kibovu, na maneno ya chini ya risiti hayaondoi hilo. Pili, mali inarudi tu, risiti iseme isiseme. Jirani mmoja nimemwona mwenyewe akimbadilishia mteja pasi dakika chache baada ya kumwonyesha maandishi hayo. Tofauti ni kwamba kwake pasi ile haikuandikwa popote.

Kwenye balbu na soketi utaratibu huu hatuutumii. Balbu ya elfu mbili haistahili karatasi tatu za kaboni na fundi wa nusu saa. Tunaijaribu kwenye holda ya ukutani pale kaunta, ikiwa imekufa mteja anapewa nyingine na iliyokufa inatupwa ndani ya ndoo nyeupe yenye mfuniko. Jumamosi tunahesabu zilizomo ndani ya ndoo, tunaandika mstari mmoja kwa kila aina, kutoka nzima kwenda imetupwa, na ndoo inamwagwa bosi akiwa amesimama hapo. Idadi ikizidi kawaida kwa aina moja, tunajua katoni hiyo ina matatizo, na tunasimamisha kuiuza kabla haijaisha.